Gauni la mimba liwe ndilo la kunyonyesha



Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo hatukufundishwa chuoni, lakini tunaliona kila siku ya kliniki ya wajawazito. Mama anapanda kitandani ili tumpime kimo cha mimba. Anafungua sketi, na hapo tunakuta mstari mwekundu umezunguka kiuno chote, na kwa wengine ngozi imeanza kuchubuka. Tukimwuliza mbona amejibana hivyo, jibu ni moja: “Dada, sina nguo nyingine.” Na wapo wenzake waliokwisha kutumia pesa nyingi kununua nguo za wajawazito, wakazivaa miezi miwili, kisha zikakaa sandukuni. Baada ya kujifungua tunawaona hao hao wodini wakihangaika na gauni lenye zipu mgongoni, mtoto analia na ziwa halitoki.

Basi tunazungumza na akina mama, na pia na akina baba, maana katika nyumba nyingi wao ndio wanaoshika mfuko. Nguo ya mjamzito isinunuliwe kwa kuangalia tumbo la leo tu. Ikichaguliwa vizuri, nguo moja itamchukua mama tangu mwezi wa tano wa mimba hadi mtoto anapoachishwa ziwa, na huo ni muda wa mwaka mzima na zaidi.

Kwanza tuone mwili wenyewe unavyokwenda. Katika miezi mitatu ya mwanzo tumbo halijatoka, ila matiti yamekwisha kujaa. Kufikia wiki ya 20 hivi, kilele cha mfuko wa uzazi kipo karibu na kitovu, na hapo ndipo viuno vya kawaida vinapoanza kukataa kufungwa. Kufikia wiki ya 36 kilele hicho kimepanda hadi chini ya mfupa wa kifua, na mbavu zenyewe zimetanuka. Mama akijifungua tumbo haliondoki siku ile. Mfuko wa uzazi unabaki karibu na usawa wa kitovu, kisha unashuka kiasi cha upana wa kidole kimoja kila siku. Baada ya siku 10 hadi 14 hatuupapasi tena juu ya mfupa wa kinena, na kwa kawaida inachukua wiki sita hivi kurudi mahali pake kabisa. Kwa hiyo nguo iliyomfaa mama akiwa na miezi mitano au sita ndiyo itakayomfaa wiki za kwanza baada ya kujifungua. Wengi wanaleta wodini nguo zao za zamani kwa ajili ya safari ya kurudi nyumbani, halafu zinagoma kupita nyongani.

Ndiyo maana tunashauri mama asikimbilie kununua mwezi wa tatu. Afungue vifungo, avae khanga, asogeze ndoana ya sketi, na angoje hadi wiki ya 20 au 22. Akinunua mapema mno atakuwa anabahatisha.

Kipande cha kuvutika

Katika mitumba siku hizi ziko suruali na sketi za wajawazito zilizoshonewa tumboni kipande cha kitambaa laini kinachovutika. Ziko za namna tatu. Nyingine zina kipande kirefu kinachofunika tumbo lote hadi chini ya matiti. Nyingine zina mkanda mpana unaokaa chini ya tumbo. Nyingine zimewekewa vipande viwili ubavuni tu. Vya ubavuni vinafaa hadi mwezi wa saba hivi, kisha vinaanza kubana. Mkanda wa chini una hewa zaidi wakati wa joto, lakini mama anayechota maji na kuinama shambani atakuwa anaupandisha kutwa nzima. Cha kufunika tumbo lote ndicho kinachodumu kuliko vyote, kwa sababu miezi ya mwisho kinafunika na baada ya kujifungua kinakunjwa chini kikawa mkanda.

Kuna sababu nyingine tunayoijua sisi wa wodini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji kwa kawaida ana kidonda chini ya tumbo, juu kidogo ya kinena, na mkanda wa chini unakaa pale pale. Tumeona kidonda kilichokuwa kinafunga vizuri kikianza kutoa maji siku ya sita kwa kusuguliwa na mshono wa suruali. Basi mama aliyekwisha kuambiwa kwamba huenda atapasuliwa, au aliyepasuliwa mimba iliyopita, achague kipande kirefu au gauni lisilo na kiuno kabisa.

Uvutikaji wenyewe unatoka wapi? Ndani ya kitambaa zimefumwa nyuzi nyembamba za mpira, ambazo kwenye lebo zinaitwa elastani, spandeksi au likra. Yote hayo ni kitu kimoja. Kitambaa chenye pamba asilimia 95 na nyuzi hizo asilimia 5 kinatosha sana kwa tumbo la mjamzito. Kikiwa cha poliesta au naeloni kinakauka haraka na kinashika umbo, lakini hakinyonyi jasho, na mjamzito hutoka jasho jingi. Chini ya tumbo na kwenye mapaja ngozi inabaki na unyevu, fangasi wanaota, na mama anakuja kwetu kuomba dawa ya kupaka wakati anachohitaji kwanza ni kitambaa kinachopitisha hewa.

Tatizo la mitumba ni kwamba nyuzi za mpira hufa kabla ya pamba. Zinauawa na joto, jua, dawa za kung’arisha nguo na umri. Suruali inaweza kuonekana mpya kabisa huku kipande chake cha tumboni kimekwisha kufa. Muuzaji hatakuambia, na mara nyingi hata yeye hajui. Basi jifunze kupima mwenyewe pale pale mnadani.

Shika kipande kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa mbali kiasi cha upana wa kiganja. Kivute kwa upana, yaani namna tumbo litakavyokivuta, hadi kiongezeke nusu ya pale: kama kilikuwa sentimita 10 kifike 15. Hesabu hadi kumi, kisha kiachie. Kizuri kinarudi pale pale kilipokuwa. Kikirudi polepole, au kikibaki kimelegea na kufanya mawimbi, kiache. Rudia mara tano mahali pale pale, kwa sababu kilichochoka kinajificha mara ya kwanza. Wakati unavuta, kisogeze karibu na sikio. Ukisikia mlio mdogo kama majani makavu yanayovunjika, hizo ni nyuzi zinakatika. Kisha kigeuze ndani nje ukiangalie kwenye mwanga. Vijinyuzi vyeupe vinavyochungulia kama nywele ni mpira uliokwisha kukatika. Mwisho vuta mshono unaounganisha kipande na suruali. Ukiona matundu yanafunguka au uzi unakwama, fundi alitumia mshono wa kawaida usiovutika, nao utakatika siku ya kuchuchumaa.

Halafu kivae juu ya nguo yako. Mwenye mimba ya miezi mitano avae kipande kikae juu ya tumbo bila kuvutika hata kidogo, hata kama juu kinaonekana kulegea. Kikiwa kimevutika tangu leo, mwezi wa nane hakitafika. Chuchumaa, simama, kaa. Kikiviringika na kushuka chini ya tumbo, kitafanya hivyo kila siku. Ukiwa umekaa, kiganja chako kipite kati ya kipande na tumbo bila kulazimishwa. Kinachobana kwa juu kinasukuma tumbo la chakula, na mama atalalamika kiungulia kila akimaliza kula.

Mama mmoja na shilingi zake

Tueleze habari ya mama mmoja wa kliniki yetu, muuza dagaa sokoni, mimba yake ya pili. Alikuwa ametenga shilingi 50,000 kwa mavazi yote. Kwanza alinunua suruali ya jinsi ya wajawazito kwa shilingi 15,000, kwa sababu ilikuwa nzuri machoni. Baada ya wiki tatu ilikuwa inamshuka hadi magotini akitembea, na akawa anaifunga kwa kamba. Mpira ulikuwa umekufa tangu mnadani. Hapo ndipo tulipokaa naye, tukapiga hesabu ya zile 35,000 zilizobaki.

Alikuwa na sketi yake nyeusi ya zamani, kitambaa kizima, kiuno ndicho kilichokataa. Alinunua fulana ya mtumba ya kuvutika kwa shilingi 2,000, baada ya kuipima kama tulivyoeleza, akaipeleka pamoja na sketi kwa fundi. Fundi alikata sehemu ya mbele ya sketi kwa umbo la bakuli, kuanzia mshono wa ubavu mmoja hadi wa pili, katikati likishuka kama sentimita 17 chini ya kiuno. Mahali pale alishona kipande cha fulana, kimelazwa ili kivutike kwa upana. Juu yake hakuweka mpira mwembamba unaokata ngozi. Alikunja kitambaa chenyewe mara mbili. Gharama ya fundi ilikuwa 4,000.

Hapa kuna jambo la kumwambia fundi, maana wengi wamezoea kitenge na suti. Kitambaa cha kuvutika kishonwe kwa zigizaga. Kama cherehani yake inakwenda moja kwa moja tu, basi akivute kidogo kwa mkono huku anashona, ili uzi ubaki na nafasi. Na atumie sindano yenye ncha butu ya vitambaa vya fulana, kwa sababu sindano kali inatoboa nyuzi za mpira, na kipande kinaanza kufumuka pembeni mwa mshono.

Baada ya sketi likafuata gauni. Kitenge cha pamba yadi 3 kilimgharimu 12,000, ushonaji 12,000, na zipu mbili za plastiki 1,000. Kabla ya kukatwa kitenge kililowekwa usiku kucha na kukaushwa, kwa sababu pamba mpya hurudi, na gauni lililoshonwa bila kulowekwa litapungua wakati ule ule mama anapoongezeka. Sehemu ya kifua iliishia chini kabisa ya matiti, na kuanzia hapo kitambaa kikaachiwa kwa mikunjo hadi chini. Ubavuni, toka kwapani hadi nyongani, fundi aliweka vipande viwili vya fulana ile ile iliyobaki, kila kimoja upana wa vidole vinne. Pindo la mbele lilishonwa refu kuliko la nyuma kwa sentimita 6. Bila hivyo tumbo linalipandisha gauni mbele, na mama anaonekana amevaa nguo fupi wakati nyuma linaburuza.

Zipu ndizo zilizomfurahisha zaidi. Zilisimamishwa kifuani, moja kila upande, ndani ya mshono unaopita juu ya ziwa, kila moja urefu wa sentimita 20, na nyuma yake kikawekwa kitambaa chembamba ili shavu la mtoto lisiguse meno ya zipu. Zipu ya chuma tunaikataa. Juani inaunguza, na tumeona mtoto amechubuliwa pua. Wengine wanapenda vifungo vya mbele au gauni la kupishana kifuani, navyo ni vizuri, mradi uwazi ufike chini ya ziwa. Uwazi unaoishia juu ya chuchu unamlazimisha mama kulitoa ziwa kwa juu, na ukingo wa nguo unalikandamiza. Maziwa yanakwama sehemu moja, panakuwa pagumu na panauma, na homa inaweza kufuata.

Kwa sababu hiyo hiyo fundi asipime kifua akakata sawasawa na kipimo. Siku ya tatu hivi baada ya kujifungua maziwa yanaingia kwa nguvu, na matiti yanaongezeka ghafla. Huyu mama alipimwa mwezi wa sita, na fundi akaacha nafasi ya sentimita 8 kifuani, pamoja na kitambaa cha sentimita 3 kilichofichwa ndani ya kila mshono wa ubavuni ili kiweze kufunguliwa.

Jumla yake ilikuwa 31,000. Shilingi 4,000 zilibaki, akazirudisha kwenye dagaa. Kwa kubadilisha alivaa mashati mawili ya zamani ya mumewe, ya pamba, yenye vifungo mbele. Tunawasihi akina baba wasiyatupe mashati yaliyochakaa kola. Kwa mama anayenyonyesha kola si kitu, vifungo vya mbele ndivyo vyenye kazi.

Gauni lile alianza kulivaa wiki ya 25, na alipoleta mtoto kwenye kliniki ya miezi 14 alikuwa amelivaa.

Kulitunza

Nguo yenye kipande cha kuvutika ifuliwe kwa maji baridi au ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Usiichemshe, usiitie dawa ya kung’arisha, wala usiisokote kwa nguvu kama khanga. Ikamue kwa kuibonyeza. Ilaze kwenye kamba ikiwa imekunjwa katikati, kwa sababu ukiining’iniza kwa kipande chenyewe uzito wa maji unakivuta. Doa la maziwa lifuliwe na maji baridi mapema. Likikutana na maji ya moto kwanza linashika.

Kuhusu pasi kuna ugumu kidogo. Tunawafundisha akina mama kupiga pasi nguo zilizokauka nje, kwa sababu ya wale inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wao wakaingia kwenye ngozi ya mama na ya mtoto. Lakini pasi kali ya mkaa inaua mpira. Tunachofanya sisi ni kuzikausha nguo hizi ndani ya nyumba penye upepo, na zikikaushwa nje tunaweka juu ya kipande kitambaa cha pamba chenye unyevu, tunapitisha pasi ya moto wa kiasi polepole, bila kukiruka hata kidogo.

Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kulitengeneza. Mwaka mmoja alikuja mama wa miezi minane akilalamika kwamba gauni lake jipya limerudi baada ya kufuliwa. Mikono ya gauni ilikuwa inambana na pete haikutoka kidoleni. Tukatazama uso wake: ulikuwa umevimba kuzunguka macho. Alikuwa na maumivu ya kichwa tangu juzi, akidhani ni jua. Shinikizo la damu lilikuwa juu sana, akalazwa saa ile ile, na siku chache baadaye akajifungua salama. Nguo ya mjamzito hubana taratibu, wiki kwa wiki, na hubana tumboni na kifuani. Ikibana ghafla mikononi, viatu vikakataa kuingia tangu asubuhi, uso ukavimba, kichwa kikauma au macho yakaona maruerue, basi si nguo iliyorudi. Hiyo huweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba, na mama asingoje siku ya kliniki. Aje hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Miguu peke yake kuvimba kidogo jioni ni kawaida kwa wengi, lakini tuonyesheni nayo.

Na kipande kikifa, nguo nzima isitupwe. Fundi anakifumua na kuweka kingine kutoka fulana nyingine, kwa gharama ya ule ushonaji tu. Sketi nyeusi ya yule mama imekwisha kubadilishwa kipande mara moja, na sasa anaivaa mdogo wake, mwenye miezi sita.